Mteja akisema "ngoja nikafikirie": namna ya kumjibu bila kumbana

Nauza cherehani, na neno hili nalisikia karibu kila siku.

Hatua ya kwanza ni kumkubalia. "Sawa dada, cherehani si kitu cha kununua haraka." Kisha nyamaza kidogo. Ukikimbilia kupunguza bei, umejibu swali ambalo hajauliza, tena utamfanya ashuku ile bei ya mwanzo.

Hatua ya pili, uliza swali moja la kujua kinachomzuia. Mara nyingi ni fedha, au bidhaa yenyewe, au kuna mtu anataka kushauriana naye kwanza. Kwa hiyo mrahisishie: "Kinachokupa wasiwasi zaidi ni bei, ni mashine, au kuna mtu ungependa kuongea naye?" Usiulize "kwa nini?", maana hapo ataanza kujitetea.

Mama mmoja alinijibu, "Mashine. Naogopa itakwama kwenye jinzi." Kumbe bei hata hakuiwazia! Hapo usianze kusifia mashine nzima. Shughulikia wasiwasi huo tu. Nilitoa sindano namba 80 iliyokuwamo, nikaweka namba 100 ya vitambaa vizito, nikakunja jinzi ikawa tabaka nne, nikampisha kwenye kiti akanyage mwenyewe. Alishona taratibu, akageuza kitambaa kuangalia mshono wa chini, akauvuta kwa vidole. Nikamwambia na upande wa pili: "Kwa pindo za suruali itakufaa. Ukitaka kushona jinzi kutwa nzima kila siku, hii ni ya nyumbani, itachoka mapema. Hapo tafuta ya kiwandani." Ukweli huo unaweza kukukosesha mauzo ya leo, lakini usipousema, mashine itarudi na malalamiko.

Hatua ya tatu, uliza mara moja tu: "Sasa unaionaje?" Kisha funga mdomo mpaka ajibu. Wauzaji wengi huharibia hapa, wanaogopa kimya na kuanza kurudia maelezo.

Yule mama alisema bado anataka kuongea na mumewe. Hilo nalo ni jibu halali. Nilimwandikia kwenye karatasi aina ya mashine, bei, muda wa dhamana na kazi isiyoiweza, ili mumewe asitegemee kumbukumbu tu. Nikamuuliza, "Nikutafute lini?" Akachagua Ijumaa jioni. Siku aipange yeye, na usimtafute kabla ya hapo. Wala usimdanganye kwamba imebaki moja.

Ijumaa sikuandika "umeamuaje?" Niliandika: "Habari za jioni mama. Ni yule wa cherehani. Mzee ana swali lolote kuhusu mashine? Kama mmeamua kuacha, niambie tu, hakuna shida." Aliuliza kuhusu vipuri, nikamjibu, Jumatatu wakaja wote wawili.

Asipojibu, mtumie ujumbe mmoja zaidi baada ya wiki moja, kisha acha. Anayekwepa swali la hatua ya pili na hataki kupanga siku, mara nyingi amekwisha kukataa kwa adabu. Mshukuru, umwache aende.