Jinsi ya kukagua mapato ya kodi ya pango: anza na milango, si na jedwali

Mwongozo huu unamhusu mkaguzi wa hesabu aliyekabidhiwa kampuni ya majengo kwa mara ya kwanza. Barua ya uteuzi na mpango wa ukaguzi ninaviruka, kwa kuwa vinafahamika.

Siku ya kwanza utapewa jedwali la mikataba lililopangwa vizuri mno. Usilipokee kabla ya kuuliza limetoka wapi. Letu lilikuwa limetayarishwa kwa ajili yetu na ofisi ya uhasibu, na kwa siku nne tulilinganisha kila mstari na mkataba uliosainiwa bila kukuta kosa hata moja. Kosa lilikuwa letu: kwa kuanzia kwenye jedwali, tulithibitisha kwamba yaliyoandikwa yapo, lakini yasiyoandikwa hatukuwa na njia ya kuyaona.

Kwa hiyo anza na jengo lenyewe. Chukua ramani ya vyumba, hesabu milango, kisha rudi na kila mlango kwenye jedwali. Jengo letu lilikuwa na vyumba 60, na jedwali lilionyesha wapangaji 52 na vyumba 8 vitupu. Vyumba vitupu ndivyo vya kukagua kwa makini zaidi, maana huko ndiko kodi inakoweza kukusanywa pasipo kuingia vitabuni.

Hatua iliyotuokoa ni ya amana. Omba orodha ya amana kutoka kwenye leja, si kutoka kwa aliyeandaa jedwali, kisha ulinganishe majina. Amana zilikuwa 55 dhidi ya wapangaji 52. Mhasibu alitueleza, kwa upole wa mtu aliyekwisha kulijibu swali hilo mara nyingi, kwamba watatu hao wamehama na bado hawajarejeshewa fedha zao. Kwa wawili ilikuwa kweli: tulionyeshwa fomu za makabidhiano ya funguo zenye tarehe na saini. Fomu ya wa tatu ilikuwa “inatafutwa”. Tuliomba usomaji wa mita za maji, tukakuta chumba hicho “kitupu” kimetumia maji kila mwezi kwa miezi 7 mfululizo. Msimamizi wa jengo akasema kuna jamaa anayehifadhi vitu tu humo. Vitu havinywi maji. Kodi ilikuwa 900 kwa mwezi, hivyo mapato yasiyoandikwa yalifika 6,300, na jambo hilo lilipanda moja kwa moja hadi kwa bodi, si kwa mhasibu tena.

Kumbuka pia kwamba amana za wale wawili waliohama si mapato kwa sababu tu hakuna aliyekuja kuzidai. Ni deni la kampuni mpaka zirejeshwe, au mpaka kampuni izikate kihalali kwa mujibu wa mkataba. Kwa wapangaji waliopo, tuma barua za uthibitisho wewe mwenyewe, uache nafasi ya kiasi wazi ili mpangaji akijaze, na majibu yaje kwako. Wengi hawatajibu, kwao rudi kwenye stakabadhi na taarifa ya benki ya siku amana ilipolipwa.

Unapousoma mkataba, usiishie kwenye kiasi cha kodi. Tafuta miezi ya bure. Mkataba wa kawaida wa miezi 36 kwa kodi ya 1,200, wenye miezi 3 ya mwanzo bila malipo, huleta jumla ya 39,600, na chini ya IFRS 16 mwenye jengo huitambua sawasawa kwa 1,100 kila mwezi, ikiwemo ile ya bure.

Mwisho ni malimbikizo. Kampuni itakuonyesha fedha zilizoingia baada ya mwaka kufungwa kama ushahidi kwamba wadaiwa wanalipa. Soma stakabadhi, si muhtasari. Mpangaji mmoja alidaiwa miezi 3 ya kodi ya 800, yaani 2,400, na mwezi uliofuata alilipa 800 ambayo vitabu viliipunguza kwenye deni la zamani. Stakabadhi ilisema wazi kuwa ni kodi ya mwezi mpya, hivyo deni la zamani lilibaki 2,400 kama lilivyokuwa. Alikuwa ameweka amana ya 1,600, na mkataba uliruhusu kuikatia kodi isiyolipwa. Kiasi kisicho na kinga kikawa 800, na hicho ndicho tulichojadili katika makadirio ya hasara. Kama mkataba ungeitenga amana kwa ajili ya uharibifu peke yake, tungejadili 2,400 yote, kwa hiyo nakala ya kifungu hicho iingie kwenye jalada lako pamoja na hesabu yenyewe.