Cherehani inatapika uzi chini ya kitambaa: jinsi ya kulisoma jedwali la matatizo kwenye kitabu chake

Wifi yangu alinipigia simu wiki moja kabla ya shule kufungua. Alikuwa ameanza sare za watoto wawili, sketi na kaptula za tetroni, na cherehani yake ya umeme ikaanza kutapika uzi. Juu mshono ulikuwa mzuri tu, lakini ukigeuza kitambaa unakuta kichuguu cha nyuzi. "Wifi, bobini imekufa," akaniambia. Alikuwa ameshafungua kasha la bobini mara nne, ameshapaka mafuta, na ameshanunua bobini mpya. Kitabu cha mashine kilikuwa kwenye droo, hakijawahi kufunguliwa.

Nilienda na tukakifungua pamoja. Kosa lilichukua dakika kumi kurekebisha. Naandika tulivyofanya kwa sababu mwaka wa kwanza nilipoanza kushona, tatizo hilohilo lilinila siku nzima, na jedwali la majibu lilikuwa mezani.

Hatua ya 1: Tafuta jedwali

Liko kurasa za mwisho. Vitabu vingi vya cherehani vina safu tatu: tatizo, sababu, na namba ya ukurasa wa kurejea. Chomoa mashine kwenye umeme kabla hujagusa chochote, uichomeke tu unaposhona kipande cha majaribio.

Hatua ya 2: Litaje tatizo kama lilivyo, si kama unavyolidhania

Wifi alikwenda moja kwa moja kwenye mstari wa uzi wa chini kukatika, kwa kuwa alishaamua bobini ndiyo mbaya. Uzi wake wa chini haukuwa unakatika. Kwa hiyo weka kitabu pembeni kwanza, uangalie mshono.

Njia yangu ni hii, na sitaibadilisha: weka uzi mwekundu juu na mweupe kwenye bobini, aina moja na unene mmoja. Chukua kipande cha kitambaa kilekile unachoshona, kikunje mara mbili, ushone mstari wa kama sentimita kumi na tano. Halafu geuza. Ukishona na rangi moja juu na chini huwezi kujua uzi upi unakosea.

Kwa wifi, upande wa chini ulijaa vitanzi vyekundu. Vitanzi vyekundu ni uzi wa juu, maana yake uzi wa juu ulikuwa unashuka bila kushikwa na kitu. Bobini ilikuwa inafanya kazi yake vizuri. Hapa ndipo wengi tunapotea: uchafu unaonekana chini, lakini kosa liko juu. Ingekuwa kinyume, yaani nukta nyeupe zinachungulia upande wa juu, basi uzi wa juu ungekuwa umekazwa mno, au wa chini umelegea.

Angalia pia vitanzi vimeanzia wapi. Kama kichuguu kiko mwanzo tu wa mshono na baada ya hapo mambo yananyooka, hukushika ncha za nyuzi. Vuta nyuzi zote mbili nyuma ya mguu wa cherehani, sentimita kumi hivi, uzishike kwa mishono miwili mitatu ya kwanza. Umemaliza, rudi kazini. Kama vitanzi vinakwenda mshono mzima, endelea na mimi.

Hatua ya 3: Soma sababu zote za mstari huo kabla ya kugusa mashine

Mstari wetu, kwa Kiswahili chetu, ulisema hivi:

| Tatizo | Sababu | Ukurasa |
|---|---|---|
| Vitanzi chini ya kitambaa | Uzi wa juu haujapitishwa sawasawa | kupitisha uzi |
| | Mkazo wa uzi wa juu ni mdogo | kurekebisha mkazo |
| | Sindano haiendani na uzi au kitambaa | kuchagua sindano |

Ziandike kwenye karatasi na uzipitie moja moja. Ukibadilisha sindano, mkazo na bobini kwa mkupuo, mashine ikipona hujui kilichoiponya, na ikizidi kuugua hujui ulichoiharibu. Anza na zile zisizohitaji pesa wala bisibisi.

Hatua ya 4: Pitisha uzi wa juu upya (hapa ndipo siku yangu iliishia)

"Nimeshapitisha sawasawa," wifi akasema. Hata mimi nilisema hivyo enzi zile. Kila mtu akifika kwenye sababu hii huiruka, kwa sababu uzi anauona umepita kila ndoano. Lakini tazama safu ya tatu: jedwali linakutuma kwenye ukurasa. Nenda kwenye huo ukurasa. Jedwali lina maneno machache tu, ufundi wenyewe uko kule, na kwenye kitabu cha wifi uliandikwa mstari mmoja mdogo juu ya mchoro: inua mguu wa cherehani kabla ya kupitisha uzi.

Sababu yake ni hii. Ndani ya mashine, nyuma ya kile kitufe chenye namba, kuna visahani viwili vinavyoubana uzi. Mguu ukiwa juu, visahani vinaachana na uzi unaingia katikati yake. Mguu ukiwa chini, vimebanana, na uzi unapita juu ya ukingo bila kuingia. Kwa macho huoni tofauti yoyote. Hapo unaweza kuzungusha namba kutoka 3 hadi 9 na usipate badiliko, kwa kuwa unabana visahani visivyo na uzi. Mimi nilizungusha namba hiyo kutwa nzima.

Basi fanya hivi. Toa uzi wote. Usisogeze kidogo tu, utoe. Ukate karibu na kijiti cha uzi na uuvutie upande wa sindano. Ukiuvuta kinyumenyume unaweza kuingiza nyuzinyuzi ndani ya visahani. Inua mguu. Zungusha gurudumu la mkono kuelekea kwako mpaka sindano ifike juu kabisa, ili ule mkono unaopanda na kushuka mbele ya mashine uonekane wote. Sasa pitisha uzi kwa kufuata mchoro, na hakikisha umeingia kwenye tundu la ule mkono. Ukiukosa mkono huo, kichuguu kitatokea ndani ya mishono michache na mashine itakwama.

Kisha jaribu hivi kabla hujashona. Kabla ya kuingiza uzi kwenye sindano, mguu ukiwa bado juu, vuta uzi kwa vidole: utakuja laini. Shusha mguu, vuta tena: lazima ukatae, usikie umebanwa. Ukivutika vilevile mara zote mbili, uzi haujaingia kwenye visahani, au kuna kitu kimevishikilia vikabaki wazi. Wifi alipovuta uzi wake wa zamani na mguu chini, ulikuja kama unavyotoka kwenye kijiti. Tulipopitisha upya mguu ukiwa juu, ulikataa mpaka ukaacha alama kidoleni.

Ukipitisha vizuri na bado hakuna tofauti, safisha katikati ya visahani. Mguu ukiwa juu, chukua kipande cha kitambaa cha pamba kilichokunjwa, ukipitishe juu na chini kama unasafisha meno kwa uzi. Usitumie sindano, kisu wala pini, visahani vikikwaruzika vitakata uzi maisha yao yote. Usipake mafuta huko. Ulaini ndio tunaoukimbia. Mara moja nilitoa kipande cha uzi wa jinzi urefu wa ukucha, kilikuwa kimeviachanisha visahani kama kabari.

Mashine zingine zinaficha visahani chini ya kifuniko cha plastiki, hivyo huwezi kuviona. Jaribio la kuvuta linafanya kazi hata kwao, na ndiyo maana nalipenda kuliko kuchungulia na tochi.

Hatua ya 5: Mkazo

Sasa ndipo namba ina maana. Rudisha 4, au alama ambayo kitabu kinaitaja kuwa ya kawaida, ushone kipande cha majaribio. Panda nusu namba kila mara mpaka vitanzi vyekundu viishe. Ya wifi ilitulia kwenye 4.

Hatua ya 6: Sindano

Weka mpya. Kwa tetroni ya sare natumia namba 90/14. Kwa jinzi 100/16. Shina la sindano lina upande bapa, na mfereji mrefu uko upande unaokabiliana nao. Uzi huingia tundu kutoka upande wa mfereji. Sukuma sindano juu mpaka igote, kisha kaza skrubu. Sindano iliyoshuka milimita moja hurusha mishono, na huo ni mstari mwingine wa jedwali.

Skrubu ya kasha la bobini

Hii haimo kwenye mstari wetu, na ndiyo iliyoshikwa kwanza. Ile skrubu ndogo pembeni ya kasha iacheni, jamani. Kabla ya kuifikiria, ning'iniza kasha lenye bobini kwa uzi wake, kama ni kasha linalotoka lote mkononi. Lisishuke lenyewe. Litikise kidogo: lishuke sentimita chache na kusimama. Likifanya hivyo, mkazo wa chini ni mzima na huna kazi nayo. Likianguka moja kwa moja, hakikisha kwanza uzi umepita chini ya kile kibati cha chemchemi. Ukilazimika kuizungusha, chora alama kwa kalamu mahali ilipo, uzungushe robo mzunguko tu, juu ya sahani nyeupe. Yangu iliwahi kutoka yote ikadondoka sakafuni, ni ndogo kuliko punje ya mchele, nikafagia chumba kizima na sikuiona.

Kama mashine imeshakwama na kichuguu, usivute kitambaa. Inua mguu, toa bobini, kata nyuzi kwa mkasi mdogo kutoka chini, kisha zungusha gurudumu kwa mkono polepole mpaka lilainike. Kuvuta kwa nguvu hupinda sindano, na sindano iliyopinda hugonga bamba na kuacha kikwaruzo ambacho kitakata uzi kila siku.

Jedwali linapoishia

Ukishapita sababu zote tatu na vitanzi bado vipo, pitisha kidole kwenye tundu la bamba la sindano ukitafuta ncha kali, kisha jaribu kijiti kingine cha uzi. Uzi wa zamani uliokaa juani hukatika na kujikunja wenyewe. Lakini kama sindano mpya inagonga chuma, au mishono inaruka mfululizo kwenye kitambaa chepesi, sindano na ile ndoano ya chini inayoukamata uzi vimepishana wakati. Hilo halirekebishwi kwa jedwali. Mpelekee fundi wa cherehani, na umpelekee pamoja na kile kipande cha nyekundu na nyeupe. Wifi alikibandika chake kwa pini ndani ya jalada la kitabu.