Oda ya soko, ya limiti na ya stopu: kununua hisa za kwanza bila kulipa bei usiyoitaka

Nimekaa miaka kadhaa kwenye dawati la oda kwa dalali mmoja wa hisa Dar es Salaam. Mteja mpya karibu kila mara alianza hivi: "Nimeona hisa iko 810, ninunulie elfu moja." Nilimuuliza, "Kwa bei ya soko au kwa bei yako?" Hapo kimya kiliingia, kisha akajibu, "Hiyo hiyo, 810." Tatizo liko kwenye jibu hilo, kwa hiyo tuanzie hapo.

Nadhani akaunti ya CDS, ile inayotunza hisa zako, unayo tayari na pesa umeshaiweka kwa dalali. Kilichobaki ni kutoa oda.

Hatua ya 1: Soma daftari la oda kabla ya kutazama bei

Ile 810 uliyoiona gazetini au kwenye simu ni bei ya mauzo ya mwisho. Inakuambia watu wawili waliuziana kwa kiasi hicho, labda jana mchana, labda hisa 20 tu. Haisemi kwamba kuna mtu leo anayekuuzia kwa 810. Anayekuuzia leo yumo kwenye daftari la oda, yaani orodha ya oda za kununua na kuuza zinazosubiri sasa hivi. Baadhi ya programu za simu zinalionyesha. Kama yako hailionyeshi, mpigie dalali umwambie akusomee pande zote mbili, bei pamoja na idadi.

Tuchukue kampuni ya kubuni, tuiite Mkonge, ambayo daftari lake asubuhi liko hivi:

| Wanaonunua | Bei (sh) | Wanaouza | Bei (sh) |
|---|---|---|---|
| 400 | 800 | 300 | 820 |
| 1,000 | 790 | 200 | 830 |
| 250 | 770 | 500 | 860 |
| | | 700 | 900 |

Kwenye skrini upande wa wanunuzi huandikwa `Bid`, na wa wauzaji `Ask` au `Offer`. Wewe ni mnunuzi, kwa hiyo macho yako yaende upande wa kulia. Muuzaji wa bei ya chini kabisa anataka 820, na ana hisa 300 tu. Hakuna wa 810.

Hatua ya 2: Ujue oda ya soko ingekufanyia nini

Oda ya soko, yaani `Market`, inamwambia dalali: nipatie idadi hii sasa hivi, kwa bei yoyote iliyopo. Bei umeiachia soko. Tuingize oda ya soko ya hisa 1,000 kwenye daftari hilo.

Itachukua 300 za 820, ambazo ni shilingi 246,000. Hazijatosha, inapanda ngazi: 200 za 830, shilingi 166,000. Bado 500. Inapanda tena na kuzikuta kwa 860, shilingi 430,000. Jumla 842,000. Mteja aliyepiga hesabu ya 810,000 amelipa 32,000 zaidi, na hapo kamisheni na tozo hazijaguswa. Wala hakuna aliyemwibia. Oda imefanya kazi yake sawasawa, na akilalamika nitamsomea sauti yake mwenyewe kwenye rekodi ya simu.

Oda hii haina ubaya wowote pale daftari lilipojaa. Ukinunua hisa 10 za Apple au Coca-Cola huko New York soko likiwa wazi, pengo kati ya mnunuzi na muuzaji mara nyingi ni senti moja na wauzaji ni wengi mno kuliko hisa zako. Kwetu kuna kampuni zinazopitisha siku nzima bila hisa hata moja kuuzwa. Kanuni yangu ni nyepesi: kama idadi unayotaka inazidi idadi iliyopo kwenye bei ya kwanza ya wauzaji, usitoe oda ya soko.

Hatua ya 3: Andika oda ya limiti

Oda ya limiti, yaani `Limit`, ina idadi na bei ya juu kabisa unayokubali. Kwa simu inasemwa hivi: "Naomba kununua hisa 1,000 za Mkonge, limiti 830, oda idumu hadi Ijumaa." Mambo manne, kwa mpangilio huo: kununua au kuuza, idadi, bei, muda. Kisha mwache dalali akurudishie yote kwa sauti. Nimewahi kusikia "mia nane thelathini" ikaandikwa 803.

Wengi wanahofia kwamba wakitaja 830 watauziwa zote kwa 830. Sivyo. Limiti ni dari tu. Zile 300 za 820 utazipata kwa 820, kwa kuwa mwenye bei hiyo ndiye aliyetangulia kwenye daftari. Kisha unachukua 200 za 830. Umelipa 412,000 kwa hisa 500, wastani wa 824.

Nusu ya pili haijapatikana. Muuzaji anayefuata anataka 860, na wewe umekataa kuvuka 830. Oda yako ya hisa 500 inahamia kushoto mwa daftari na kukaa juu kabisa, mbele ya yule wa 800. Sasa wewe ndiye mnunuzi wa kwanza, na muuzaji yeyote atakayekubali 830 atakutana na wewe. Akija mnunuzi mwingine na 830 baada yako, atasubiri nyuma yako. Ukiighairi oda na kuiweka upya, unarudi mwisho wa foleni.

Bei ya limiti uipateje? Mimi hutazama mauzo ya siku tano au kumi zilizopita: bei zilizolipwa, na idadi kwa siku. Kama Mkonge imeuzwa kati ya 800 na 835 muda wote huo, 830 ni bei ya mtu anayetaka kununua kweli. Ukiweka 780 kwa matumaini, unaweza kukaa mwezi bila kupata kitu. Si kosa, ilimradi ujue kwamba oda ya limiti haina ahadi ya kutimia.

Dalali atazuia kwenye salio lako kiasi cha limiti nzima. Hisa 1,000 kwa 830 ni 830,000. Kwa oda ndogo kama hii mimi hutenga takriban asilimia 2 zaidi kwa ajili ya kamisheni na tozo, yaani kama 16,600. Kama akaunti ina 830,000 kamili, oda itarudishwa, na utadhani mtandao ndio tatizo.

Hatua ya 4: Muda wa oda

Kuna oda ya siku moja, `Day`, inayokufa soko likifungwa. Kuna ya tarehe maalumu. Kuna na `GTC`, inayoendelea mpaka uighairi au ukomo wa dalali ufike.

Hii ya mwisho iliniumiza mimi mwenyewe. Niliweka oda ya kununua chini ya bei ya wakati ule, nikaisahau kabisa. Baada ya wiki kadhaa kampuni ikatangaza kwamba faida yake itashuka sana, kila mtu akakimbilia kuuza, na oda yangu ikatimia asubuhi hiyo hiyo. Nilipata bei niliyoiomba, lakini niliiomba kabla ya habari. Kwa ununuzi wa kwanza weka siku moja, isipotimia uiweke tena kesho baada ya kutazama daftari.

Jioni kagua hati ya muamala: idadi iliyopatikana, bei ya kila fungu, kamisheni. Oda iliyotimia nusu itaonyesha mafungu mawili, 300 na 200, na hilo ni sawa.

Hatua ya 5: Oda ya stopu, na kwa nini usiiguse siku ya kwanza

Oda ya stopu, `Stop`, hulala mpaka bei ifike mahali ulipopataja. Ikifika, inaamka na kugeuka kuwa oda ya soko. Kazi yake kubwa ni kuuza bei inaposhuka ili hasara isizidi. Kuna ya kununua pia, ambayo huwekwa juu ya bei ya sasa.

Kosa ninaloliona zaidi ni la wenzetu wanaonunua hisa za Marekani kwa simu. Mtu ana hisa iliyo dola 50 na anataka iuzwe ikishuka hadi 45. Anachagua `Sell`, kisha `Limit`, anaandika 45. Dakika hiyo hiyo hisa imeuzwa, kwa karibu dola 50. Limiti ya kuuza maana yake ni "45 au zaidi," na 50 ni zaidi. Alichokitaka ni `Stop` ya 45.

Hata ukiipata sawa, stopu haikuhakikishii 45. Tuseme hisa inafungwa kwa 47, usiku kampuni inatoa matokeo mabaya, kesho soko linafunguka kwa 39. Stopu inaamka, inakuwa oda ya soko, unauza kwa 39 au hapo karibu. Ukiogopa hilo ipo `Stop Limit`, ambapo unataja bei mbili, mfano 45 ya kuamsha na 44 ya chini kabisa kukubali. Siku ile ya 39 haitauza chochote, utabaki na hisa zako huku zikiendelea kushuka ikiwa zitashuka. Chagua ni lipi kati ya hayo mawili unaloliweza.

Tarehe 24 Agosti 2015 soko la New York lilifunguka likiporomoka, Dow, kipimo cha bei za hisa za kampuni 30 kubwa za Marekani, ikapoteza zaidi ya pointi 1,000 ndani ya dakika chache. Stopu nyingi ziliamka wakati wanunuzi ni wachache, watu wakauza kwa bei za kusikitisha, na nyingi kati ya hisa hizo zikapanda tena kabla ya mchana. Tangu Februari 2016 soko hilo la New York lenyewe, NYSE, halipokei tena oda za stopu. Programu yako ikikupa `Stop`, anayeilinda ni mfumo wa dalali. Muulize nini kinaiamsha: mauzo ya mwisho, au bei ya mnunuzi.

Angalia na saa. New York hufungua saa tatu na nusu asubuhi ya kwao. Kwetu ni saa kumi na nusu jioni majira yao ya joto, na saa kumi na moja na nusu majira ya baridi. Oda ya soko uliyoiweka asubuhi ya Dar hutimizwa pale soko linapofunguka, dakika ambazo bei hucheza zaidi.

Na Dar je? Kabla ya kuitegemea stopu hapa, muulize dalali kama mfumo wake unaipokea. "Ikifika 750 niuzie" uliyoiandika kwenye WhatsApp ni ombi kwa mtu, na huyo mtu huenda mchana kula. Tena, kwenye hisa kama Mkonge mauzo ya hisa 10 tu kwa 750 yangetosha kuamsha stopu, na oda yako ya soko ingeshuka kwenye daftari ngazi kwa ngazi vile vile ilivyopanda kwenye hatua ya 2. Mimi kwa hisa za hapa huweka tahadhari ya bei kwenye simu. Ikilia, nafungua daftari kwanza, naona nani ananunua na kiasi gani, kisha naandika limiti ya kuuza.