Dengu kavu zinazogoma kuiva kwa maji ya London

Birika lako likijaa utando mweupe wa chokaa kila baada ya wiki chache, kama ilivyo kwa wengi London, umeshampata mchawi wa dengu zako. Kalisiamu iliyomo kwenye maji hayo hushikana na pektini, gundi ya asili inayoziunganisha seli za punje, na pektini hiyo ikikazika dengu huchemka saa mbili na bado kiini kina chenga. (Kwa Wakenya: hapa ni zile punje kubwa zenye kimdomo, si ndengu za kijani.)

Chukua nusu kilo, chambua mawe, osha, kisha loweka usiku kucha kwenye lita mbili za maji yenye kijiko kikubwa kimoja cha chumvi. Usiogope chumvi: sodiamu huchukua nafasi ya kalisiamu kwenye ganda, na ganda hulainika. Saa 8 hadi 12 zinatosha. Jikoni kukiwa na joto, weka bakuli kwenye friji, maana zikikaa sana nje hutoa povu na harufu ya uchachu. Pasua punje moja: ikiwa ndani kuna doa lililopauka na kavu, ongeza muda.

Mwaga maji hayo, suuza, weka maji mapya yazidi dengu kwa vidole vitatu, na tia bekingi soda nusu kijiko cha chai. Hii ndiyo inayoivunja ile gundi. Usizidishe, kwani ladha ya sabuni haitoki tena na maganda yatavurugika. Angalia pia usichukue bekingi pauda, ambayo ndani yake imechanganywa na asidi. Zikichemka, engua povu, punguza moto hadi maji yawe yanatokota kidogo tu, na funika nusu. Anza kuonja dakika ya 40. Nyingi huiva kabla ya dakika 90. Zilizokaa dukani miaka huchukua zaidi, na nyingine hazilainiki kabisa.

Kwa presha kuka, dengu zilizolowekwa zinataka dakika 15 za presha kamili, na soda si lazima. Usijaze zaidi ya nusu ya chungu, na ongeza kijiko cha mafuta kupunguza povu, kwa sababu povu na maganda huweza kuziba tundu la mvuke. Ukizima, acha presha ishuke yenyewe. Ukiitoa kwa ghafla, dengu hupasuka. Ambazo hazikulowekwa zinataka kama dakika 45, ila hazitaiva kwa usawa.

Punje iliyoiva husagika kati ya ulimi na kaakaa bila kutumia meno. Hapo tu ndipo utie nyanya, ukwaju au ndimu. Ukitangulia kuvitia, asidi itazikaza upya, na hata moto wa saa nzima hautazirudisha.