Resizable BAR: kabla ya kuiwasha, angalia diski yako

Kwa kawaida prosesa huiona kumbukumbu ya kadi ya grafiki kupitia dirisha la MB 256 tu, hata kama kadi ina GB 8. Resizable BAR hulipanua dirisha hilo likafunika kumbukumbu yote.

Lazima pande tatu zikubaliane. Kadi ndiyo inayotangaza, kupitia bayosi yake yenyewe, kwamba inakubali dirisha kubwa. Kadi za mwanzo za RTX 30 zilihitaji kusasishwa kwanza. Bayosi ya ubao mama ndiyo inayotenga anwani, na kwa kuwa GB 8 haziingii chini ya mpaka wa GB 4, ni lazima uwashe chaguo la Above 4G Decoding humo kwenye bayosi. Prosesa nayo iweze kuzifikia anwani hizo.

Hapa ndipo wengi hukwama: ni lazima uzime CSM, sehemu ya bayosi inayowasha kompyuta kwa njia ya zamani, na ukiizima, Windows iliyo kwenye diski yenye mpangilio wa zamani wa MBR haitawaka. Igeuze diski kwanza iwe na mpangilio mpya wa GPT, baada ya kuhifadhi nakala ya data.

Kwenye Linux hakikisha hivi:

```
lspci -v
```

Kwenye kadi yako, ukiona `[size=8G]` badala ya `[size=256M]`, imekubali.

Faida? Gemu nyingi huongezeka asilimia chache tu, na chache hupungua kasi. Usinunue ubao mpya kwa ajili hii. Ila mwenye Intel Arc asiiache kabisa, maana bila hiyo kadi hizo hupoteza kasi nyingi.