Mwenye duka wa gemu kwa mistari mitatu: jinsi nilivyomwandika Mama Chiku

Mwenye duka katika gemu la kuigiza mhusika ana kazi ya ajabu. Mchezaji atamwona mara nyingi kuliko mfalme, kuliko adui mkuu, kuliko hata ndugu wa shujaa, lakini kila mara atamsikia kwa sekunde mbili tu kisha afungue orodha ya bidhaa. Kwa hiyo tunampa mistari mitatu mifupi: mmoja mchezaji anapoingia, mmoja hela inapopungua, mmoja anapoondoka. Nitaonyesha ninavyoiandika kwa kumtumia mhusika niliyemtengeneza hapa Dodoma, Mama Chiku, muuza nafaka wa kijiji cha Ugogo miaka michache baada ya njaa ya Mtunya.

Mtunya si jambo la kubuni. Ni njaa iliyoipiga Ugogo kati ya 1917 na 1920. Majeshi ya vita ya kwanza ya dunia yalikuwa yamechukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, na mvua nazo zikakatika. Sikutaka Mama Chiku aisimulie. Nilitaka isikike katika jinsi anavyouza.

Hatua ya 1: Tafuta jeraha moja linalogusa biashara

Usianze na sifa kama "mkali" au "mcheshi". Sifa haikuambii mtu atasema nini. Jiulize: ni jambo gani lililompata linaloathiri mkono wake anapopima bidhaa?

Jibu nililipata Soko la Majengo. Nilikaa karibu na wauza nafaka nikatazama debe tu, sikutazama nyuso. Yupo anayejaza mpaka nafaka inasimama kilima na kumwagika pembeni. Yupo anayepitisha kiganja juu ya mdomo wa debe na kulisawazisha, mfuto kabisa, punje za ziada zikarudi kwenye gunia. Wote wawili ni waaminifu, lakini ni watu wawili tofauti.

Mama Chiku ni wa mfuto. Sababu yake niliiandika kwenye daftari langu kwa sentensi moja ambayo mchezaji hataiona kamwe: mwaka wa njaa aliuza debe lake la mwisho kwa wapita njia, akabaki na senti mkononi na kilindo cha nafaka kitupu.

Hatua ya 2: Anza na mstari wa hela kupungua

Wengi huanza na salamu kwa sababu ndiyo ya kwanza kusikika. Mimi naanza katikati. Mchezaji asiyeweza kulipa anamlazimisha mwenye duka kuamua jambo, na katika uamuzi huo ndipo utu unapotoka. Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa hii:

"Samahani, hela yako haitoshi."

Inafanya kazi, lakini hata muuza mapanga wa kijiji cha pili angeisema. Rasimu ya pili ikaanguka upande mwingine:

"Niliuza debe la mwisho wakati wa Mtunya, nikalia sana, ndiyo maana siuzi kwa bei rahisi."

Hapa nimemwaga daftari langu lote mezani. Mara ya kwanza mchezaji atasikitika, na mara ya kumi atabonyeza kitufe haraka ili amnyamazishe mama aliyefiwa na akiba yake. Hilo ni kosa baya zaidi kuliko la kwanza. Nilichobaki nacho ni hiki:

"Hazitoshi? Weka kitu kingine. Senti zilikuwepo mwaka ule, hazikulika."

Hataji njaa. Anataja senti zisizolika, na mchezaji anaunganisha mwenyewe. Zaidi ya hapo, mstari unamwelekeza la kufanya: weka mali badala ya hela. Angalia sana hapo. Kama gemu lako halina kubadilishana mali kwa mali, mstari huu ni uongo, na mchezaji atazunguka dukani akitafuta kitufe ambacho hakipo. Nilimfuata mwenzangu anayeandika msimbo na kuhakikisha kwamba kwa Mama Chiku tu, mchezaji anaweza kuweka kamba, chumvi au jembe badala ya senti. Kama angekataa, ningeufuta mstari.

Hatua ya 3: Salamu

Niliandika kwanza "Mbukwa", salamu ya Kigogo, nikaipenda. Kisha nikaitoa. Kijiji kizima kinasema mbukwa. Inaonyesha mahali, haimwonyeshi Mama Chiku. Nikaweka hii:

"Marahaba, mwanangu. Mtama upo. Debe ni la mfuto, silijazi kilima."

"Marahaba" ni jibu, kwa hiyo mchezaji anajua shujaa wake ameshatoa shikamoo ingawa hakuna maandishi yaliyoionyesha. Neno moja limebeba umri wa mama, adabu ya shujaa na uhusiano wao. Halina saa, tofauti na "habari za asubuhi" inayoharibika jua likizama. Na "mwanangu" inafaa shujaa akiwa wa kike au wa kiume. Shujaa wako akiwa mzee, badilisha. Mama huyu hawezi kumwitikia mzee mwenzake hivyo.

Kuhusu urefu: kisanduku chetu cha mazungumzo kwenye skrini kina safu mbili za herufi 40 kila moja. Maneno ya Kiswahili ni marefu, hivyo safu moja hubeba kama maneno sita. Hesabu herufi, usihesabu maneno.

Hatua ya 4: Kuaga

Mstari huu hutokea mchezaji akiwa amenunua na akiwa hakununua. Niliwahi kuandika "Upike vizuri mtama wangu", halafu mjaribu wetu akatoka mikono mitupu na mama akamwambia apike. Andika kinachobaki kweli katika hali zote mbili:

"Haya. Ukipita penye mbegu, nikumbuke hata konzi moja."

Mwanamke aliyetuambia senti hazikulika sasa anaomba mbegu, na anaomba konzi, kipimo cha mkono, yeye mwenye debe. Faili likawa hivi:

```json
{
  "anaingia": "Marahaba, mwanangu. Mtama upo. Debe ni la mfuto, silijazi kilima.",
  "hela_haitoshi": "Hazitoshi? Weka kitu kingine. Senti zilikuwepo mwaka ule, hazikulika.",
  "anaondoka": "Haya. Ukipita penye mbegu, nikumbuke hata konzi moja."
}
```

Hatua ya 5: Jaribu

Chukua mistari hii umpe mwenye duka mwingine wa gemu lako. Ikimkaa vizuri, bado haijawa ya mtu. Muuza mapanga wetu alishindwa kusema hata mmoja, nikafurahi.

Kisha mwombe mtu asiyejua hadithi acheze nusu saa, akipita dukani angalau mara nane. Usimuulize kama amempenda mama. Muulize: "Huyu mama anaogopa nini?" Wa kwanza alinijibu, "Anaogopa kuibiwa." Ilikuwa kwa sababu salamu ya wakati ule ilisema "napima mwenyewe, usiguse". Nikaifuta. Wa pili akasema, "Ghala kubaki tupu," nami sikugusa kitu tena.

Nilibakiza badiliko moja tu. Mchezaji akimletea mbegu, haongezewi hotuba wala zawadi ya dhahabu. Kwenye msimbo kuna sharti moja, na mstari wa kuingia unabadilika:

"Marahaba, mwanangu. Leta debe. Leo nalijaza kilima."