Somo: Boriti ya chuma isiyoshikiliwa ubavuni, na breisi moja inayokushusha kutoka IPE 450 hadi IPE 360

Boriti ikibeba mzigo, flanji ya juu inagandamizwa na ya chini inavutwa. Flanji ya juu peke yake ni kama nguzo nyembamba iliyolazwa. Kushuka chini haiwezi kwa sababu webu imeishika, basi njia inayobaki ni kukimbilia ubavuni. Flanji ya chini imenyooshwa na mvuto, haitaki kufuata. Matokeo yake boriti nzima inakwenda upande huku ikijisokota, na hili hutokea ghafla, pengine chuma hakijafika hata nusu ya nguvu zake. Hesabu ya momenti dhidi ya seksheni peke yake haikuonyeshi hatari hii, ndiyo maana ina ukaguzi wake.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho. Ghala la vipuri linaongezewa sakafu ya kati. Boriti zina urefu wa mita 8, ncha zote mbili zimekaa kwenye nguzo, na zimepangwa kila baada ya mita 3. Mbao za sakafu zimekaa juu ya engo zilizochomelewa kwenye webu, katikati ya kimo cha boriti, na zimeachiwa upenyo kwenye ncha. Yaani zinashusha mzigo tu, hazishikilii kitu. Chuma ni S275, na ukaguzi unafuata EN 1993-1-1 ya 2005.

Hatua ya 1: Momenti

Mzigo wa kudumu, pamoja na uzito wa boriti yenyewe, ni 4.4 kN/m. Mzigo wa matumizi ni 4 kN/m² mara mita 3, yaani 12 kN/m. Ukizidisha kwa 1.35 na 1.5 unapata takriban 24 kN/m, na momenti ya katikati ni 24 × 8² / 8 = 192 kNm.

Ukiangalia jedwali haraka haraka, IPE 360 ina moduli plastiki, Wpl, ya 1019 cm³, hivyo kwa nguvu ya chuma, fy, ya 275 N/mm² inabeba 280 kNm. Inaonekana inatosha na kubaki. Wengi huishia hapa, na hapa ndipo pabaya.

Hatua ya 2: Urefu usioshikiliwa

Hii ndiyo hatua inayotaka akili kuliko kikokotoo. Uliza: ni wapi flanji inayogandamizwa imezuiwa kabisa kwenda ubavuni, au seksheni nzima imezuiwa kujisokota? Kwenye mfano wetu ni kwenye ncha tu, ambako boriti imefungwa kwenye nguzo kwa pleti na boliti zilizoshika sehemu kubwa ya webu. Basi L ni mita 8 kamili.

Angalia hizo ncha vizuri. Boriti iliyowekwa tu juu ya ukuta, bila chochote cha kuizuia isijisokote, ina urefu wa hesabu unaozidi ule unaoupima kwa futi kamba. BS 5950 ya zamani, ambayo ofisi nyingi bado zinaifahamu, inasema uchukue 1.2L na kuongeza kimo cha boriti mara mbili.

Hatua ya 3: Momenti ya kujisokota, Mcr

Hii ni momenti ambayo boriti iliyonyooka kabisa ingeanza kukimbia ubavuni. Kwa seksheni ya I yenye pande sawa na mzigo unaoingia katikati ya kimo:

```
Ncr = π² · E · Iz / L²
Mcr = C1 · Ncr · sqrt( Iw/Iz + G·It/Ncr )
```

Iz ni ukinzani wa kupinda upande mwembamba, It ni ukinzani wa kusokotwa, na Iw ni ule unaotokana na flanji mbili kukataa kupinda kwa kupishana. Zote zipo kwenye jedwali la seksheni; E na G ni ugumu wa chuma chenyewe. C1 inategemea umbo la mchoro wa momenti; kwa mzigo uliosambaa sawasawa ni 1.13.

Tujaribu IPE 400. Iz yake ni 1318 cm⁴, It ni 51.1 cm⁴, Iw ni 490,000 cm⁶. Kwa mita 8, Ncr inatoka 427 kN, kipeuo cha pili kinatoka 366 mm, na Mcr ni 177 kNm.

Chunga vipimo. Iw ya cm⁶ ikichanganywa na mm inakupa jibu la ajabu, na kwa bahati mbaya si kila mara ajabu hiyo inaonekana kwa macho.

Hatua ya 4: Wembamba na kipunguzo

IPE 400 inabeba 359 kNm ikiwa imeshikiliwa kikamilifu. Wembamba wake, lam, ni kipeuo cha pili cha 359/177, yaani 1.43. Kimo chake kimezidi upana mara mbili, kwa hiyo tunatumia mkunjo c wa seksheni zilizofinyangwa kiwandani:

```
phi = 0.5 · (1 + 0.49·(lam - 0.4) + 0.75·lam²)
chi = 1 / (phi + sqrt(phi² - 0.75·lam²))
Mb  = chi · Wpl · fy
```

Unapata chi, yaani kipunguzo, ya 0.42, na Mb, momenti inayobebeka kweli, ya 150 kNm. Soma tena: boriti ya 359 imebaki 150, na sisi tunahitaji 192. Imeanguka. Ukirudia hesabu kwa IPE 450 unapata 199 kNm, inapita kwa shida. Bila kushikilia kitu, basi, jibu ni IPE 450 ya kilo 77.6 kwa mita.

Hatua ya 5: Weka breisi katikati

Sasa funga engo katikati ya kila boriti, karibu kabisa na flanji ya juu, ikienda hadi kwenye ukuta wa zege wa ghala. L inakuwa mita 4. Kwa kuwa L imepigwa kipeo chini ya mstari, Ncr inapanda mara nne. Umbo la momenti kwenye nusu moja nalo ni jema zaidi, linaanzia sifuri, hivyo C1 inakuwa kama 1.3.

Kwa IPE 360, Mcr inatoka 402 kNm, wembamba 0.83, chi 0.74, na Mb ni 208 kNm dhidi ya 192. Imepita. Ile IPE 360 uliyotaka kuichagua kwa pupa kwenye hatua ya kwanza inafaa kweli, ila sasa inafaa kwa sababu ya engo. Engo ikiondolewa, haifai.

Tofauti ni kilo 20.5 kwa mita, yaani kilo 164 kwa boriti. Engo ya 80×80×8 ya mita 3 ina uzito wa kama kilo 29. Unabaki na kilo 135 mkononi kwa kila boriti, kabla ya kutoa boliti na kazi ya fundi.

Je, tukishikilia sehemu nyingi zaidi tushuke hadi IPE 330? Hapana. Kwa mzigo wa matumizi IPE 360 inanepa milimita 18.7, na kikomo cha L/360 ni 22.2. IPE 330 ingenepa 25.9. Breisi haipunguzi mnepo hata kidogo, kwa hiyo hapo ndipo faida yake inapoishia.

Hatua ya 6: Nguvu ya breisi yenyewe

Kanuni ya BS 5950 ni asilimia 2.5 ya nguvu iliyo kwenye flanji. Gawanya 192 kNm kwa umbali kati ya flanji mbili, mita 0.347, unapata 553 kN, asilimia 2.5 yake ni kama 14 kN. Boliti mbili za M16 zinatosha kabisa. Nguvu ni ndogo, ila lazima iwe na pa kwenda, na hapo ndipo maswali yalipoanza.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo mwalimu. Kwenye kazi yetu boriti ziko tano sambamba, na engo inatoka boriti hadi boriti. Haifiki ukutani kwa sababu kuna dirisha. Tunahesabu kama imeshikiliwa?

Jibu: Marahaba. Hapana. Boriti zote tano zina mzigo uleule na zinataka kukimbia. Zikikimbilia upande mmoja, engo inasafiri nazo bila kuzuia chochote. Hapo L yako bado ni mita 8. Una njia mbili: fikisha mstari wa engo kwenye kitu kigumu, au weka engo za mshazari kati ya boriti mbili, kwa usawa wa sakafu, zinazorudisha nguvu kwenye nguzo. Kumbuka pia nguvu zinajumlishwa. Kwa boriti tano BS 5950 inaruhusu kupunguza jumla kwa kipeuo cha pili cha (0.2 + 1/5), hivyo kipande cha mwisho kinachogusa ukuta kinabeba kama 44 kN. Ndiyo sababu nilichagua 80×80×8; ya 60×60×6 yenye urefu wa mita 3 ingepinda kabla ya kufika hapo.

Swali: Na mbao zikikaa juu ya flanji badala ya kwenye webu?

Jibu: Swali zuri, kaka, na ndivyo wengi wanavyojenga. Mzigo ulio juu unasukuma zaidi pale boriti inapoanza kulala, kwa hiyo Mcr inashuka:

```
Mcr = C1 · Ncr · ( sqrt( Iw/Iz + G·It/Ncr + (C2·zg)² ) - C2·zg )
```

zg ni nusu ya kimo, na C2 hapa ni kama 0.45. Mb ya ile IPE 450 isiyo na breisi inashuka kutoka 199 hadi 164 kNm. Haitoshi tena, unalazimika kupanda hadi IPE 500. Lakini mbao hizohizo zikifungwa barabara kwenye flanji, na sakafu ikawa imefungwa ukutani, zinageuka kuwa washikiliaji. Kulaza mbao tu hakuhesabiki.

Swali: Fundi wangu kaweka engo kwenye flanji ya chini, anasema ni rahisi kuchomelea. Tuiache?

Jibu: Kwa boriti iliyokaa kwenye ncha mbili, flanji ya chini inavutwa, haikuwa na nia ya kukimbia. Engo ipande juu. Kama haiwezekani, ongeza pleti ya kukaza webu toka chini hadi juu, na kiungo cha engo kiwe kigumu kiasi cha kuzuia seksheni isijisokote. Mara nyingi kuipandisha tu ni rahisi zaidi. Boriti inayochomoza kama baraza ina hesabu yake: huko chini ndiko kunakogandamizwa, kwa hiyo usiipeleke kanuni hii huko moja kwa moja.

Swali: Mteja amepata S355 kwa bei nzuri. Si tutumie IPE 400 ya S355 tuachane na breisi?

Jibu: Nimeipiga. Nguvu ya chuma inapanda asilimia 29, lakini Mb ya mita 8 inatoka 150 hadi 161 kNm tu. Mcr inategemea E na umbo la seksheni, na E ya S355 ni ileile ya S275. Boriti ikiwa ndefu na haijashikiliwa, chuma cha daraja la juu kinakuwa na nguvu ambazo hakitapata nafasi ya kuzitumia. Mwambie anunue engo.